Jedwali la Mishtuko Kabla ya Siku ya Kura

Opsheni ni haki ya kununua au kuuza kitu kwa bei iliyopangwa mapema. Thamani yake hufuata bei ya kitu hicho sokoni, lakini hufuata pia kiwango cha kuyumba ambacho soko linakitarajia. Tukio kubwa likikaribia, wasiwasi hukipandisha kiwango hicho. Likishapita, kinaweza kuanguka kwa usiku mmoja. Kwa hiyo kupima mshtuko wa bei peke yake hakutoshi. Huchorwa jedwali: mishtuko ya bei huwekwa upande mmoja, ya kuyumba upande wa pili, na katika kila kisanduku opsheni zote hukadiriwa upya.

Kura ya Uingereza ya Juni 23, 2016 kuhusu Umoja wa Ulaya inaonyesha vizuri kazi ya jedwali hilo. Mathalani, pauni ikiwa dola 1.48, mfanyabiashara ameuza opsheni mbili za siku 30, moja ya kununua na nyingine ya kuuza pauni milioni 1, zote kwa bei ya 1.48. Kuyumba kukiwa asilimia 20 kwa mwaka, amepokea takriban dola 68,000.

Bei isipobadilika na kuyumba kukishuka hadi asilimia 10, anapata faida ya dola 34,000 hivi. Hicho ndicho kisanduku alichokitamani. Pauni ikishuka kwa asilimia 5 na kuyumba kukapanda hadi 28, anapoteza kama 43,000. Hasara hiyo inauma, ila inaonekana kubebeka, na hapo ndipo jedwali fupi linapomponza mtu. Usiku ule pauni ilifika karibu dola 1.50, kisha ikaporomoka hadi chini ya 1.33 ndani ya saa chache. Kisanduku cha asilimia 11 chini, kuyumba kukiwa 28, kinaonyesha hasara ya takriban dola 100,000, zaidi ya mara mbili ya ile ya asilimia 5. Mipaka ya jedwali basi ipimwe kwa ukubwa wa tukio lenyewe, wala si kwa mwendo wa bei wa siku za kawaida.

Visanduku havina uzito sawa. Bei kuanguka huku kuyumba kukishuka sana ni jambo adimu. Bei kutulia na kuyumba kushuka ni matokeo ya kawaida tukio likipita salama.

Jedwali lina upungufu pia. Kwa kawaida hupandisha kuyumba kwa kiasi kilekile katika opsheni zote, ilhali wakati wa hofu zile za kujikinga na anguko hupanda zaidi, na za siku chache hutikisika kuliko za miezi. Mwenye opsheni za bei na tarehe nyingi huhitaji mishtuko tofauti kwa kila kundi. Akiona kona isiyobebeka, hununua opsheni ya kuuza ya bei ya chini, tuseme 1.38, kisha hukokotoa jedwali zima upya, kwa kuwa kinga hiyo nayo hupunguza faida ya kisanduku cha utulivu.