Upangaji wa Matumizi ya Posho ya Mkopo kwa Mwanafunzi Aliyepanga Nje ya Chuo

Nchini Tanzania, posho ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukadiriwa kwa siku. Kiwango chake kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000. Fedha hizo, ambazo wanafunzi huziita bumu, hulipwa kwa awamu. Ugumu wa kuzipangia matumizi hautokani na uchache wake pekee, bali pia na tofauti ya majira ya malipo. Chakula na nauli hulipwa kila siku, ilhali kodi na uchapishaji huja kwa mkupuo.

Tuchukulie mwanafunzi anayepokea shilingi 600,000 za siku 60. Amepanga chumba na mwenzake, na fungu lake la kodi ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Nauli na uchapishaji wa kazi za semina vitamgharimu 70,000. Akiihesabu kodi kwa mwezi, atatoa 80,000 za miezi miwili na kubakiwa na 450,000 za chakula, yaani 7,500 kwa siku. Hata hivyo, mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa pamoja, yaani 240,000. Kiasi halisi cha chakula ni 290,000. Kwa matumizi ya 7,500, fedha hizo zitakwisha siku ya 39.

Hivyo basi, malipo ya mkupuo hayana budi kutengwa kwanza. Kinachosalia kigawanywe kwa siku 67 badala ya 60, ili wiki moja ya ziada ikidhi uwezekano wa awamu inayofuata kuchelewa. Ukomo wa chakula unakuwa takribani shilingi 4,300 kwa siku. Kipimo cha utekelezaji ni salio la siku ya 20: fungu la chakula linapaswa kuwa na shilingi 204,000. Likiwa limebaki 140,000, mwanafunzi anaishi kwa hesabu ya 7,500, na bado ana muda wa kujirekebisha kabla ya kukopa.

Awamu ya pili na ya tatu hazina kodi ya kulipa, na hapo ndipo kosa la pili hujitokeza: nafuu hiyo huchukuliwa kuwa ziada. Kila moja inapaswa kutengewa 80,000, ili kodi itakapodaiwa tena katika awamu ya nne, 160,000 ziwe tayari zimewekwa. Ukomo wa 4,300 ni wa awamu ya kwanza tu.

Utaratibu huu una mpaka wake. Iwapo shilingi 4,300 hazitoshi milo ya siku mahali anapoishi, nidhamu ya matumizi haiwezi kuziba pengo hilo. Kinachopaswa kubadilishwa ni masharti ya kodi, kwa kujadiliana na mwenye nyumba alipwe kwa miezi mitatu.