Ulisimamisha Stending Oda ya Bima Juu Doo Imekauka? Soma Hii Kabla Uachwe Mataani

Wacha tuseme ukweli. Mwezi ukiwa kona mbaya, kitu ya kwanza msee hukata si data wala nyama choma. Hukata ile elfu tatu ya bima ya maisha, yenye ajenti alimuuzia wakiwa kwa ofisi. Unaenda benki, unasaini fomu, stending oda imekufa. Unahisi umepumua.

Shida iko hapa: benki haiambii kampuni ya bima kwamba umetoka. Ulichosimamisha ni njia ya doo kupita, bima yenyewe haujaifunga. Kule kampuni wanaona tu mteja ambaye hajalipa, na saa inaanza kuhesabu.

Chukulia msee tumuite Kevo. Ako na bima ya maisha ya Sh500,000 na hulipa Sh3,000 kila tarehe 5. Amelipa miezi 14, jumla Sh42,000. Mwisho wa Februari akasimamisha stending oda.

Tarehe 5 Machi inafika, doo haijaingia. Bima haifi siku hiyo. Bima nyingi za maisha hukupea muda wa neema, mara nyingi siku 30. Kevo akifariki tarehe 20 Machi, familia bado inalipwa, ila kampuni inatoa kwanza ile Sh3,000 anayodaiwa. Wanabaki na Sh497,000.

Sasa sogeza hiyo ajali hadi tarehe 20 Aprili. Siku 30 zimeisha, bima imelala. Familia ikienda kudai, jibu ni sifuri. Ni mwezi mmoja tu umepita katikati.

Na ile Sh42,000 je? Hapa ndipo wengi hulia. Bima za aina ya kuweka akiba kwa kawaida huanza kuwa na thamani ya kurudishiwa ukishalipa kama miaka mitatu. Kabla ya hapo, doo yako imeenda kwa gharama za kampuni, kamisheni ya ajenti na kinga yenyewe ya ile miezi ulikuwa umelipa. Kevo na miezi yake 14 hana kitu ya kudai. Kama bima yako ni ya kinga tupu, bila akiba, hata ukilipa miaka kumi hakuna cha kurudishiwa.

Kwa wale wamepita hiyo miaka mitatu, kuna mtego mwingine. Kampuni zingine hujilipa zenyewe kutoka kwa akiba yako, kama mkopo wenye riba. Wewe unadhani ulitoka kitambo, kumbe akiba inaliwa polepole. Ikiisha, bima nayo inaisha.

Tuseme Agosti Kevo amepata job na anataka kurudi. Inawezekana, lakini si kulipa tu Sh3,000 na kuendelea. Anadaiwa kuanzia Machi hadi Agosti, miezi 6, yaani Sh18,000 pamoja na riba. Pia anajaza fomu ya kueleza afya yake upya, na anaweza kutumwa kupimwa hosi. Kama katikati hapo alipatikana na presha ama sukari, kampuni inaweza kumuongezea malipo, kuweka masharti ama kumkataa kabisa. Akificha, siku ya kudai itajulikana, na hapo familia ndiyo itaumia.

Kosa lingine wasee hufanya ni kutuma doo kwa Paybill na namba ya bima, halafu wanatulia juu meseji ya M-Pesa imeingia. Kama bima ilikuwa imeshalala, hiyo pesa inaweza kaa tu kwa akaunti ikingoja fomu zako. Meseji ya M-Pesa haifufui bima. Inafufuka kampuni ikikuandikia kwamba imekubali. Mpaka upate hiyo barua ama imeili, jihesabu kama msee hana kinga.

So ufanye nini doo ikikauka? Ongea na kampuni kabla ya kwenda benki. Uliza kama unaweza kupunguza kiwango cha bima ndio malipo yashuke. Kama umelipa miaka kadhaa, uliza kama wanaweza kuigeuza iwe ndogo lakini isiyohitaji malipo tena. Ukiamua kutoka kabisa, andika barua ya kufunga bima, uliza thamani yake ni ngapi leo, na uweke nakala.

Na kama makato yako hutoka kwa peislipu, jua kwamba ukibadilisha job yanakufa yenyewe bila wewe kusaini chochote. Wengi hupoteza bima hivyo na hawajui. Angalia peislipu ya mwezi huu. Kama ile laini ya bima haiko, hesabu siku zako 30 kuanzia tarehe ulipaswa kulipa, si kuanzia siku umegundua.