Tuma Kilichobadilika Tu: Jinsi Michezo ya Mtandaoni Inavyobana Data

Unapocheza mchezo wa mtandaoni na watu wengine, simu au kompyuta yako haiamui nani yuko wapi wala risasi imempata nani. Hiyo ni kazi ya seva. Seva huendesha mchezo mzima kwake, kisha mara nyingi ndani ya kila sekunde hupiga picha ya hali ilivyo na kuituma kwa kila mchezaji. Picha hiyo ni orodha ya namba tu: kitu hiki kiko hapa, kimegeukia huku, kinakwenda kwa kasi hii. Kifaa chako hupokea namba hizo na kuzichora kwenye kioo.

Namba hizo zikitumwa zilivyo, hakuna bando litakalotosha. Mfano unaojulikana sana kwa watengenezaji wa michezo ni wa Glenn Fiedler, mhandisi wa mitandao ya michezo aliyeeleza hatua kwa hatua jinsi ya kubana picha hizi. Alitengeneza uwanja wenye maboksi 901: madogo 900 yaliyotapakaa sakafuni, na moja kubwa ambalo mchezaji huliviringisha katikati yao na kuyasukuma. Seva ilipiga picha 60 kwa sekunde.

Tupige hesabu. Kila boksi lina mahali lilipo, yaani namba tatu za desimali, kila moja ikichukua biti 32. Lina mkao wake, yaani limeinama na kugeuka vipi, ambao hueleziwa kwa namba nne za aina hiyohiyo. Lina kasi, namba tatu tena. Ongeza biti moja ya kusema kama linagusana na mchezaji. Jumla ni biti 321. Zidisha kwa maboksi 901, kisha kwa picha 60, unapata megabiti 17.35 kwa sekunde. Kwa saa moja ya kucheza hizo ni takriban gigabaiti 7.8, kwa mchezaji mmoja tu.

Na gharama si tatizo pekee. Picha moja kama hiyo ina baiti zaidi ya 36,000, wakati pakiti moja kwenye mtandao wa kawaida hubeba kama baiti 1,470. Kwa hiyo picha hukatwa vipande 25, na kikipotea kimoja, picha yote haifai. Mtandao ukipoteza pakiti moja tu katika kila mia, bila mpangilio maalumu, basi zaidi ya picha moja katika kila tano haitafika nzima. Mchezaji ataona vitu vikiganda na kuruka ingawa mtandao wake si mbaya.

Hatua ya kwanza ya kubana ni kuacha usahihi usio na faida. Namba ya desimali ya biti 32 inaweza kutofautisha umbali mdogo kuliko jicho la binadamu linavyoweza kuona kwenye kioo. Fiedler aliigawa kila mita kuwa hatua 512, kila hatua ikiwa na urefu pungufu kidogo ya milimita mbili, na akaamua kwamba boksi litahesabiwa kuwa kwenye hatua iliyo karibu zaidi. Pia aliuwekea uwanja mipaka: mita 256 kila upande kutoka katikati, na mita 32 kwenda juu. Upana wa mita 512 wenye hatua 512 kwa kila mita unatosha kabisa kwenye biti 18, na kimo kinatosha kwenye biti 14. Mahali palipochukua biti 96 sasa panachukua 50.

Kwa upana, hesabu yenyewe ni mstari mmoja:

```
k = floor((x + 256) * 512 + 0.5)
```

Boksi likiwa mita 12.347 kutoka katikati, seva inapata 137394 na kutuma namba hiyo nzima. Kifaa cha mchezaji kinaigawa kwa 512, kinatoa 256, na kupata mita 12.34766. Kosa ni chini ya milimita moja. Hakuna mchezaji atakayeliona.

Ile 0.5 inaonekana ndogo, lakini usiisahau. Bila hiyo, kila thamani inashushwa kwenye hatua ya chini hata kama ilikuwa karibu zaidi na ya juu, na matokeo yake ulimwengu mzima unavutwa kidogo upande mmoja. Hatua zikiwa za milimita mbili hutagundua. Siku ukiamua kubana zaidi na kutumia hatua za sentimita tano, utaona vitu vyote vimezama kidogo sakafuni. Mipaka nayo ina dalili yake. Kitu kikirushwa nje ya mita 256 na seva isikizuie mpakani, namba inazidi biti 18, zile biti za juu zinakatwa, na kitu kinatokea ghafla upande wa pili wa uwanja. Ukiona mpira umetoka kushoto ukaibukia kulia, anza kuchunguza hapo.

Mkao unabanwa kwa ujanja ambao binafsi naupenda kuliko yote. Zile namba nne zina kanuni: ukizidisha kila moja kwa yenyewe na kujumlisha, jibu ni 1 daima. Basi ukijua tatu, ya nne unaipata kwa kipeuo cha pili. Seva inaacha ile iliyo kubwa kuliko zote na kutuma tatu ndogo, pamoja na biti mbili za kusema ni ipi iliyoachwa. Inaachwa kubwa kwa sababu nzuri: zilizobaki haziwezi kuzidi 0.707 kwa ukubwa, hivyo zinagawanyika vizuri kwenye hatua 512, yaani biti tisa kila moja. Na ikiwa iliyoachwa ni hasi, seva inageuza alama za zote nne kwanza, maana mkao unabaki uleule. Biti 128 zinakuwa 29.

Kasi inaweza kuachwa kabisa, kwa kuwa picha 60 kwa sekunde zinatosha kwa kifaa cha mchezaji kujaza mwendo uliopo kati ya picha mbili. Tumebaki na biti 80 kwa boksi, au megabiti 4.3 kwa sekunde. Tumepunguza mara nne, na bado ni nyingi mno. Lakini tazama uwanja wenyewe: wakati mwingi maboksi karibu yote yametulia sakafuni. Tunatuma mahali palepale pa boksi lilelile mara 60 kila sekunde.

Mtangazaji wa mpira redioni hasomi majina ya wachezaji wote 22 kila dakika. Anasema mpira uko kwa nani na umekwenda wapi, kwa sababu msikilizaji tayari ana picha ya uwanja kichwani. Seva nayo inafanya hivyo. Inachukua picha ya zamani ambayo mchezaji anayo, inaiita msingi, na kutuma tofauti tu kati ya msingi huo na hali ya sasa. Boksi lisilosogea linachukua biti moja: halijabadilika. Maboksi yote yakitulia, picha nzima ni biti 901, yaani kilobiti 54 kwa sekunde. Na yakiwa yamesogea maboksi yasiyozidi 90, ni nafuu zaidi kutaja kwa namba zao yale yaliyosogea tu, kila namba ikichukua biti kumi, kuliko kutuma biti moja kwa kila boksi.

Lakini msingi ni picha ipi? Hapa ndipo wengi wanapokosea. Jibu la haraka ni picha iliyotangulia. Michezo ya namna hii hutuma pakiti kwa njia ya UDP, ambayo haihakikishi kwamba pakiti itafika. Ikipotea picha namba 40, tofauti iliyo kwenye picha 41 inajumlishwa juu ya msingi ambao mchezaji hana. Boksi linakaa mahali pasipo pake, na linabaki hapo hata baada ya kutulia. Hiyo ndiyo dalili: kitu kimesimama, lakini wachezaji wawili wanakiona sehemu mbili tofauti, na hakijirekebishi.

Quake III Arena, mchezo wa id Software uliotoka 1999, ulilitatua jambo hili kwa namna inayoigwa hadi leo, na tangu msimbo wake ulipofunguliwa 2005 yeyote anaweza kuusoma. Mchezaji huijulisha seva picha ya mwisho aliyoipokea salama, na seva hutumia hiyo tu kuwa msingi. Pakiti ikipotea, hakuna haja ya kuituma tena, kwa kuwa picha inayofuata itatolewa kwenye msingi ambao mchezaji anao kweli. Seva huweka kumbukumbu ya picha 32. Mchezaji akikaa kimya hadi msingi wake ukaribie kufutika, karibu sekunde moja na nusu kwa picha 20 kwa sekunde, seva inamtumia picha kamili. Na picha kamili yenyewe ni tofauti dhidi ya msingi wa kudumu, kwa hiyo hakuna njia ya pili ya kuandikwa.

Kanuni hii ina bei ambayo sisi tunaocheza kwenye seva zilizo nje ya nchi tunailipa kuliko wengine. Chukua boksi linalokwenda mita tatu kwa sekunde. Kati ya picha mbili linasogea sentimita tano, hatua kama 26. Kama ping ni milisekunde 20, msingi ni wa picha mbili nyuma hivi. Tofauti ni hatua 51, na biti saba zinatosha kwa mhimili mmoja, pamoja na alama ya kujumlisha au kutoa. Ping ikiwa milisekunde 200, msingi uko picha 12 nyuma, tofauti ni hatua 307, na sasa zinahitajika biti kumi. Mchezaji aliye mbali anachelewa kuona, na kila picha anayotumiwa ni nzito zaidi.

Kwa kubana tofauti za mahali na za mkao namna hii, na kuongeza ujanja mwingine mdogo, Fiedler alifika kwenye lengo lake la kilobiti 256 kwa sekunde. Saa moja ya mchezo ikashuka kutoka gigabaiti 7.8 hadi megabaiti 115, na kila picha ikaingia kwenye pakiti moja.

Kwa hiyo, wewe unayetengeneza mchezo wako wa kwanza wa mtandaoni, usiziamini takwimu za seva na mchezaji vikiwa kwenye kompyuta moja. Hapo msingi ni wa picha moja nyuma na hakuna pakiti inayopotea, kwa hiyo tofauti zako zitaonekana ndogo kuliko zitakavyokuwa. Kwenye seva ya Linux, weka ucheleweshaji na upotevu kwa makusudi:

```
tc qdisc add dev eth0 root netem delay 200ms loss 3%
```

Kisha cheza, pima baiti upya, na linganisha mahali pa kila boksi kwa mchezaji na kwenye seva. Tofauti ikizidi nusu ya hatua boksi likiwa limetulia, msingi wako una kosa.