Majina Yanapogombania Nafasi Kwenye Ramani

Kwenye ramani ya kitabu au ya ukutani, mji mdogo huonyeshwa kwa nukta yenye upana wa milimita moja hivi, ilhali jina lake huchukua sentimita nzima. Nukta haisogei, kwa kuwa inakaa pale mji ulipo. Kinachoweza kusogezwa ni jina tu. Mchora ramani huamua jina likae upande gani wa nukta ili lisigongane na jirani yake, lisifunike mto wala mpaka, na msomaji asiwe na shaka kwamba ni la nukta ile na si nyingine. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalosahaulika upesi.

Kanuni za kazi hii ziliandikwa kwa utaratibu mwaka 1962 na Eduard Imhof, mchora ramani wa Uswisi aliyekuwa profesa mjini Zurich. Kuizunguka nukta kuna nafasi nane hivi ambako jina linaweza kukaa: kulia, kushoto, juu, chini, na pembe nne zilizo katikati yake. Nafasi inayopendelewa ni juu kidogo, upande wa kulia. Jicho la msomaji wa herufi za Kilatini hutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo likiiacha nukta linakutana na mwanzo wa neno. Juu hupendelewa kuliko chini kwa sababu ya umbo la herufi zenyewe. Katika herufi ndogo, zinazopanda, kama b, d, h, k, l na t, ni nyingi kuliko zinazoshuka, kama g, j, p na y. Upande wa chini wa neno huwa umenyooka zaidi, na nukta hukaa chini yake bila kubanwa.

Pwani ina kanuni yake. Jina la mji wa bandari huandikwa baharini, na jina la mji wa bara hubaki nchi kavu hata kama umekaribia bahari. Msomaji akiona jina limelala majini anajua, bila kuambiwa, kwamba mji huo uko ufukweni. Vivyo hivyo, mji ulio ukingo mmoja wa mto hauandikwi ukingo wa pili.

Kanuni hizi hufuatika kirahisi penye nafasi. Taabu huanza mahali kama pwani ya Tanzania kati ya Saadani na Unguja. Tuseme ramani ni ya skeli ya 1:4,000,000, yaani sentimita 1 ni kilomita 40. Kutoka Saadani hadi Mji wa Zanzibar ni kilomita 45 hivi, ambazo kwenye karatasi ni milimita 11 tu. Jina «Zanzibar» kwa herufi za pointi 7 lina urefu wa karibu milimita 10. Jina «Saadani» kwa pointi 6 lina karibu milimita 8. Saadani iko ufukweni, kwa hiyo jina lake linataka kwenda kulia, baharini. Mji wa Zanzibar uko upande wa magharibi wa kisiwa, kwa hiyo nalo linataka baharini, ila kushoto. Majina mawili yenye jumla ya milimita 18 yanagombania mlango-bahari wa milimita 11.

Mtu aliyezoea kompyuta anaweza kusema hakuna tatizo. Saadani iko kaskazini kidogo, milimita 3 hivi kwenye karatasi, na herufi zina kimo cha milimita 2. «Saadani» likipandishwa juu kidogo na «Zanzibar» likabaki usawa wa nukta yake, hayatagusana. Ni kweli hayatagusana, lakini ramani itakuwa mbaya. Mwisho wa «Saadani» utafika karibu na Unguja, na mwanzo wa «Zanzibar» utafika karibu na pwani ya bara. Majina yatakaa kama mistari miwili ya aya moja, kila moja likiwa na nukta mbili za kuchagua. Msomaji asiyeijua pwani hiyo hana njia ya kutambua lipi ni la wapi.

Mmoja lazima aachie nafasi, na anayeachia ni yule ambaye hasara yake ni ndogo. Zanzibar ni mji mkubwa, na jina lake likipelekwa kulia litavuka kisiwa chote, ambacho hapo hakifiki hata milimita 10 kwa upana, na kukata ufuko wa mashariki. Saadani ina nchi kavu nyuma yake isiyo na miji mingi, kwa kuwa sehemu kubwa ni hifadhi ya taifa. Basi «Saadani» litavunja kanuni ya pwani na kuhamia bara. Lakini si mahali popote bara: mto Wami unaingia baharini kusini kidogo ya hapo, kwa hiyo jina linapanda juu kushoto ili lisilale juu ya maji ya mto. «Wami» lenyewe linaandikwa mbali zaidi bara, kwa herufi za mlazo za buluu zinazofuata mkunjo wa mto. «Bagamoyo» linabaki baharini, kwa sababu mbele yake pana nafasi ya kutosha. Jina la kisiwa, «Unguja», linapelekwa mashariki, Bahari ya Hindi. Jina la mlango-bahari linaachwa kabisa, na hilo si kosa: ramani ya skeli hii haikuahidi kutaja kila kitu.

Mfano huu unaonyesha kwa nini mashine huhangaika. Kila jina lililohamishwa lilibana nafasi ya jingine. Miji 20 yenye nafasi nane kila mmoja ina mipangilio zaidi ya bilioni moja mara bilioni moja. Pinhas Yoeli aliandika mwaka 1972 jinsi kompyuta inavyoweza kufuata mantiki ya Imhof, na mwaka 1991 watafiti walithibitisha kwamba tatizo hili ni la kundi ambalo hadi leo halijulikani kuwa na njia ya haraka ya kupata jibu bora kabisa kila mara. Kwa hiyo programu za ramani hupa kila nafasi alama ya ubaya, zikajaribu mipangilio mingi, na kukubali ulio mzuri vya kutosha. Jina lisilopata nafasi hufichwa. Hapo ndipo pa kuwa macho: katika QGIS, kwa mfano, mji mkubwa unaweza kupoteza jina kimyakimya huku kijiji jirani kikibaki na lake, ikiwa mtumiaji hakuweka daraja za umuhimu.

Mahali pakijaa kupita kiasi, kuna dawa chache zilizobaki. Kupunguza herufi chini ya pointi 5 au 6 si dawa. Kwenye karatasi ya kawaida wino hutawanyika na tundu za a na e huziba. Ukingo mwembamba wa rangi ya mandhari kuzunguka herufi husaidia neno linalopita juu ya barabara, lakini ukinenepa hukata barabara yenyewe vipande. Namba zenye orodha pembeni humlazimisha msomaji kwenda na kurudi. Kwa eneo kama Dar es Salaam, ambako mitaa imesongamana, bora ni kisanduku pembeni chenye ramani ya skeli kubwa zaidi, na kwenye ramani kuu libaki jina la jiji peke yake.

Ukaguzi wa mwisho hufanywa kwenye karatasi iliyochapwa kwa ukubwa halisi, si kwenye kioo ambako kila kitu kinaweza kukuzwa. Mtu asiyeshiriki kuichora huonyeshwa nukta moja moja na kuulizwa jina lake. Akisita, au kidole chake kikienda kwa jina la jirani, jina hilo husogezwa tena, pamoja na majirani wote litakaowabana.