Ombi la ruzuku ya kikundi: Kwa nini bajeti ijazwe kwanza na muhtasari uandikwe mwisho

Kikundi kinaweza kuwa na wazo zuri, katiba, akaunti ya benki na barua ya serikali ya kijiji, na bado ombi lake la ruzuku likakataliwa kwa jambo linaloonekana dogo: muhtasari unasema kitanunua mizinga 40 ya nyuki, jedwali la bajeti linasema 50.

Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Tatizo ni namna fomu inavyojazwa. Muhtasari uko ukurasa wa kwanza, kwa hiyo katibu anauandika kwanza, wakati mpango bado haujakaa sawa. Bajeti iko mwisho, inajazwa na mweka hazina usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho. Matokeo yake ni miradi miwili tofauti ndani ya fomu moja.

Anayepitia maombi ana fomu nyingi mezani. Anasoma muhtasari, kisha anaruka moja kwa moja hadi kwenye bajeti kuona kama pesa inafuata maneno. Visipooana, hana namna ya kujua kipi ni kweli.

Ruzuku si mkopo wa halmashauri

Nchini Tanzania vikundi vingi vinaufahamu mkopo usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ule ni mkopo, hurudishwa.

Ruzuku hairudishwi, ila kila shilingi inaulizwa risiti. Mfano unaojulikana ni mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani (GEF), ulioanza 1992 chini ya usimamizi wa UNDP na ambao kwa miaka mingi ulitoa hadi dola 50,000 kwa mradi. Kila mfadhili ana fomu yake, lakini karibu zote zina sehemu mbili zinazoamua mambo: muhtasari wa mradi na jedwali la bajeti.

Anza na kazi, siyo na vitu

Chukua mfano wa kikundi cha watu 24 katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kisarawe, Pwani. Wanachama 14 wanaishi kwa kuchoma mkaa, na msitu wa kijiji unazidi kupungua. Wanataka kufuga nyuki.

Kosa la kawaida ni kuanza kuorodhesha vitu: mizinga, mavazi, kompyuta, meza, viti. Orodha ya namna hiyo haina mwisho, na kompyuta inaingia kwa sababu tu kuna mtu aliitamani.

Njia salama ni kuandika kwanza kazi zitakazofanyika kwa mpangilio wake. Kwa kikundi hiki ziko nne: kufundisha wanachama, kununua na kutundika mizinga, kuandaa vifaa vya kuvuna, na kukagua mizinga kwa mwaka mmoja. Kila kazi inapewa namba. Baada ya hapo swali linakuwa rahisi: kazi namba 1 inahitaji nini ili ifanyike? Kitu kisicho na kazi ya kufanya hakiingii kwenye jedwali. Kompyuta imetoka yenyewe.

Jedwali lenyewe

Bei hizi ni za mfano. Kikundi kinapaswa kutumia bei za eneo lake.

| Kazi na kitu | Hesabu (Sh) | Mfadhili | Kikundi |
|---|---|---|---|
| 1. Chakula cha mafunzo | watu 26 × siku 3 × 8,000 | 624,000 | – |
| 1. Posho ya wakufunzi | watu 2 × siku 3 × 60,000 | 360,000 | – |
| 2. Mizinga ya kisasa | 40 × 90,000 | 3,600,000 | – |
| 2. Lori la mizinga | safari 2 × 150,000 | – | 300,000 |
| 2. Kusafisha eneo na kutundika | watu 24 × siku 4 × 10,000 | – | 960,000 |
| 3. Mavazi ya kujikinga | seti 6 × 85,000 | 510,000 | – |
| 3. Bomba la moshi | 3 × 35,000 | 105,000 | – |
| 3. Mashine ya kukamulia asali | 1 × 950,000 | 950,000 | – |
| 4. Nauli ya bodaboda, ukaguzi | watu 2 × safari 24 × 5,000 | 240,000 | – |
| Jumla | 7,649,000 | 6,389,000 | 1,260,000 |

Safu ya "hesabu" ndiyo inayobeba jedwali zima. Mtu akiandika tu "mafunzo: 1,000,000", msomaji anaona pesa bila maelezo. Akiandika watu 26 kwa siku 3 kwa Sh 8,000, kila kitu kiko wazi. Hata 26 ina maelezo yake: wanachama 24 na wakufunzi 2. Maelezo hayo yaandikwe chini ya jedwali kwa sentensi moja, kwa sababu muhtasari unasema kikundi kina watu 24, na msomaji atajiuliza hao wawili wametoka wapi.

Vivyo hivyo kwa mavazi. Kwa nini seti 6 na siyo 24? Kwa sababu wanavuna kwa zamu, watu sita kila zamu. Sentensi hiyo inaonyesha kwamba kikundi kinajua kazi yake. Kikiomba seti 24, kinaonekana kinagawana vifaa.

Bei nazo zisikisiwe. Kwa vitu vikubwa kama mizinga na mashine, kikundi kiombe ankara kifani, ile ambayo wengi huiita profoma, kutoka kwa wauzaji watatu na kuziambatisha. Bei zote zikiwa za mviringo kupita kiasi, yaani 500,000, 1,000,000, 2,000,000, ni dalili kwamba hakuna aliyekwenda dukani.

Kuna mstari mmoja wa kuuogopa: "Mengineyo". Wafadhili wengi huufuta. Kama fomu inaruhusu dharura, kiasi chake huandikwa kwa asilimia iliyotajwa kwenye mwongozo, si zaidi. Kama hairuhusu, usiwepo kabisa. Pia wengi hawalipii madeni ya zamani, wala kitu kilichonunuliwa kabla mkataba haujasainiwa.

Mchango wa kikundi ni pesa halisi

Vikundi vingi huandika sifuri kwenye safu ya mchango kwa kudhani mchango lazima uwe fedha taslimu. Kumbe nguvu kazi nayo huhesabiwa na wafadhili wengi.

Katika mfano huu wanachama 24 watafanya kazi siku 4. Kibarua kijijini hapo kinalipa Sh 10,000 kwa siku, hivyo mchango ni Sh 960,000. Wakiongeza Sh 300,000 za lori kutoka kwenye akiba yao, jumla ni Sh 1,260,000, takriban asilimia 16 ya mradi mzima.

Hapa kuna mtego. Thamani ya nguvu kazi ikipandishwa hadi, tuseme, Sh 30,000 kwa siku ili mchango uonekane mkubwa, msomaji anayejua vijijini atagundua mara moja. Tena mchango huo utadaiwa ushahidi baadaye: orodha ya mahudhurio yenye sahihi kwa kila siku. Zile Sh 300,000 nazo lazima zionekane kwenye taarifa ya benki ya kikundi.

Sasa muhtasari

Jedwali likikamilika, muhtasari unakuwa rahisi kwa sababu namba zote zipo tayari. Unajibu maswali machache: ni nani, wako wapi, tatizo ni nini, watafanya nini, nini kitabadilika, na kwa kiasi gani.

Muhtasari dhaifu husomeka hivi: "Mradi huu unalenga kuinua uchumi wa jamii na kutunza mazingira kwa maendeleo endelevu." Hakuna cha kukataa, lakini sentensi hiyo ingefaa pia kwa mradi wa kuku, wa miti au wa ushonaji.

Kwa kikundi cha mfano, muhtasari unaoshika ni huu:

> Kikundi chetu kina wanachama 24, wanawake 18 na wanaume 6. Wanachama 14 wanategemea kuchoma mkaa kutoka msitu wa kijiji. Kwa miezi 12 tutawafundisha wanachama wote ufugaji nyuki kwa siku 3, tutatundika mizinga 40 katika eneo lililotengwa na serikali ya kijiji, tutaandaa vifaa vya kuvuna na kukamua asali, na tutakagua mizinga mara mbili kila mwezi. Tunatarajia mizinga 30 iwe na nyuki kufikia mwezi wa 8 na kuvuna kilo 300 za asali katika msimu wa kwanza. Gharama yote ni Sh 7,649,000. Tunaomba Sh 6,389,000. Kikundi kitachangia Sh 1,260,000 kwa nguvu kazi na fedha taslimu.

Mambo mawili ya kuangalia hapo. Kwanza, tatizo limepimwa kwa namba ambayo kikundi kimeihesabu chenyewe, wanachama 14 kati ya 24. Haihitaji mtaalamu, kikao kimoja na daftari vinatosha, na muhtasari wa kikao hicho unakuwa kiambatisho.

Pili, lengo ni mizinga 30, siyo 40. Nyuki hawaingii kwenye kila mzinga, na anayejua ufugaji nyuki analifahamu hilo. Kilo 300 ni wastani wa kilo 10 kwa kila mzinga wenye nyuki. Kikundi kinachoahidi mizinga yote 40 ijae mara moja kinajiwekea mtihani ambao kitaufeli kwenye ripoti ya kwanza.

Maneno "lililotengwa na serikali ya kijiji" nayo yana kazi. Yanadai barua, na barua hiyo iambatishwe. Kama mizinga inakwenda kwenye msitu wa hifadhi wa serikali kuu, barua ya kijiji haitoshi. Kibali kinatoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS).

Baada ya "hongera"

Jedwali halifi ombi likikubaliwa. Kwa kawaida linaingia kwenye mkataba, na ripoti ya matumizi inafuata mistari ile ile. Kikundi kikitumia pesa ya bomba la moshi kununulia ndoo bila kibali cha maandishi cha mfadhili, kinaweza kuambiwa kirudishe, hata kama ndoo zilihitajika kweli. Ndiyo maana mstari uliosahaulika leo unauma mwezi wa sita.

Katika jedwali la juu, kwa mfano, hakuna makato ya benki. Kama akaunti ya kikundi inakatwa kila mwezi, makato hayo yanapaswa kuwa na mstari wake. La sivyo yatatoka mifukoni mwa wanachama.

Kipimo cha mwisho

Kabla ya kutuma, jumla ihesabiwe mara mbili: kwenda chini kwa kila safu, kisha safu ya mfadhili na ya kikundi zijumlishwe pamoja. Hapa 6,389,000 na 1,260,000 lazima zitoe 7,649,000, namba ile ile iliyo kwenye muhtasari.

Kisha mtu ambaye hakujaza fomu, labda Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, asome muhtasari peke yake na aseme anategemea kukuta nini kwenye bajeti. Akitaja kitu ambacho hakimo, au akikuta kitu ambacho hakukitaja, mstari huo ndio wa kurekebisha kabla fomu haijaondoka.