Pale mstari wa mkaa unapokata mstari wa chuma

Katika kijiji cha Katuruka, karibu na Bukoba, kuna mabaki ya tanuri ambamo Wahaya wa kale waliyeyushia chuma. Malighafi ilikuwa jiwe jekundu na mkaa. Jiwe hilo ni chuma kilichoshikana na oksijeni, na kazi ya mkaa ni kuinyakua oksijeni hiyo. Swali linalonivutia ni hili: moto ufike nyuzi ngapi ndipo mkaa uweze?

Jibu linasomeka kwenye grafu iliyochorwa na Harold Ellingham, mkemia wa London, mwaka 1944. Mstari wa chini unapimia joto. Wima unapimia nishati huru, yaani kipimo cha hamu ya kitu kushikana na oksijeni. Kadiri namba inavyozama chini ya sifuri, ndivyo hamu ilivyo kubwa. Ili ulinganisho uwe wa haki, kila kitu hupimwa kwa oksijeni ile ile, gramu 32.

Karibu metali zote mistari yao inapanda kuelekea kulia. Sababu yake ni oksijeni yenyewe. Ni hewa iliyotawanyika, na ikishikwa na metali inafungwa ndani ya kitu kigumu. Joto linapenda mtawanyiko, kwa hiyo moto ukizidi, kifungo hicho kinalegea. Kaboni iko kinyume. Sehemu moja ya oksijeni ikiungana na mkaa hutoa sehemu mbili za hewa ya kaboni monoksidi. Mtawanyiko unaongezeka, na mstari wa kaboni unateremka. Mstari mmoja unapanda na mwingine unashuka, basi lazima zikutane mahali fulani.

Tuikokotoe kwa chuma. Jiwe jekundu hupoteza oksijeni yake kwa hatua, na hatua ya mwisho, FeO, ndiyo ngumu kuliko zote. Nishati zake, kwa kilojuli, ni takriban hizi, T ikiwa joto kwa kelvini:

```
2Fe + O2 -> 2FeO   -527 + 0.129 T
2C  + O2 -> 2CO    -223 - 0.175 T
```

Kwenye nyuzi 600 za Selsiasi chuma kina -414 na kaboni -376. Chuma bado kinaishikilia oksijeni yake, na ungevukuta hadi jua lizame bila mkaa kuigusa FeO hiyo. Kwenye nyuzi 1000 mambo yamegeuka: chuma -363, kaboni -446. Sasa mkaa unashinda. Ukisawazisha mistari hiyo miwili, 304 inagawanywa kwa 0.304, unapata kelvini 1000, yaani nyuzi 727.

Namba hiyo imesimama juu ya sharti moja: kwamba tanuri limejaa kaboni monoksidi tupu. Kwenye tanuri la mivukuto hewa hiyo ni kama theluthi tu, maana iliyobaki ni naitrojeni iliyoingia na upepo. Hewa inayozalishwa ikiwa nyembamba, mkaa unapata nafuu, na makutano yanashuka hadi karibu nyuzi 670.

Hapa ndipo msomaji wa grafu anapoweza kujidanganya. Grafu inasema kipi kinawezekana. Haisemi kitachukua muda gani, wala kitatoka katika hali gani. Peter Schmidt na Donald Avery, waliochunguza ufuaji wa Wahaya na kuchapisha matokeo mwaka 1978, walikuta joto linalopita nyuzi 1300. Kwa nini moto mkubwa hivyo, ilhali 727 ingetosha?

Kwa sababu jiwe lina mchanga ndani yake. Mstari wa mchanga uko chini sana kwenye grafu, na kaboni haiukati hadi zaidi ya nyuzi 1600. Mchanga basi unabaki, na usipotolewa unakaa katikati ya chembe za chuma. Chuma safi nacho huyeyuka kwenye nyuzi 1538 tu, hivyo hakiwezi kutiririka na kujitenga. Kinachoweza kutiririka ni mchanga ukichanganyika na FeO: mchanganyiko huo, mavi ya chuma, huyeyuka karibu na nyuzi 1200. Joto hilo, kuliko lile la makutano, ndilo mfuaji analolifukuzia.

Moto ukipungua, bonge linatoka limejaa taka na kusambaratika chini ya nyundo. Kaboni nyingi ikiingia ndani ya chuma kwenye moto mkali, kinakuwa kigumu kama kioo na kuvunjika kikigongwa. Mfuaji anaishi katikati ya hasara hizo mbili.

Na ili mchanga uyeyuke, sehemu ya FeO ilipaswa kuachwa bila kukamilishwa. Ndiyo maana ukiokota pande la mavi ya chuma unalihisi zito kuliko jiwe la ukubwa wake: chuma kingi bado kimo humo, kimeshikana na oksijeni yake.