Sponji Kwa Ukuta: Kwa Nini Moshi Wake Hukumaliza Kabla Moto Haujakufikia

Kama unaishi Tudor, hasa zile keja za karibu na TUM, hii seti unaijua: godoro, sofa ya sponji, na msee mwenye ndoto za kurekodi amebandika sponji ukuta mzima ndio sauti isipige mwangwi. Moto ukianza kwa keja kama hiyo, kitu cha kwanza kukumaliza ni moshi.

Sponji ya godoro, ya sofa na mara nyingi hiyo ya ukutani ni kitu kimoja: poliyurethini, plastiki inayotokana na petroli. Imejaa hewa ndani, kwa hivyo huwaka haraka. Ikiwa ukutani ni mbaya zaidi, sababu moto hupanda ukipasha joto sponji iliyo juu yake, na moshi hujaa kuanzia dari ukishuka.

Sasa sumu. Hiyo plastiki ina nitrojeni. Ikiungua ndani ya chumba kisicho na hewa ya kutosha, hutoa sianidi ya hidrojeni pamoja na kaboni monoksidi, ile gesi ya jiko la makaa. Hizi mbili hushambulia pamoja. Kaboni monoksidi hung'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, so damu inashindwa kubeba hewa. Sianidi nayo huzuia seli kutumia hata ile oksijeni kidogo iliyofika. Kichwa kinazunguka, akili inavurugika, miguu inagoma. Unaweza kuanguka hatua chache tu kutoka mlangoni.

Na usingoje kunusa. Kaboni monoksidi haina harufu, na ya sianidi watu wengi hawaisikii.

Uliza watu wa Santa Maria, Brazil. Tarehe 27 Januari 2013, kwa klabu ya Kiss, bendi iliwasha fataki stejini. Cheche zikashika sponji iliyobandikwa darini kuzuia kelele. Njia ya kutoka ilikuwa moja. Watu 242 walikufa, wengi wao kwa moshi, na dawa ya sianidi ya kutibu manusura ikabidi itoke Marekani.

Usidanganywe pia na sponji inayouzwa kama haishiki moto. Dawa iliyotiwa hukawiza tu kushika. Ikishaungua, bado inatoa sumu. Kwa studio, afadhali paneli za sufi ya mawe, ile ya mwamba ulioyeyushwa, maanake yenyewe haiwaki. Sponji ikibaki, iweke mbali na soketi, mshumaa na jiko.

Na kama dirisha lako lina grili, ufunguo wa mlango ukae mahali unaweza kuupapasa gizani. Ukiona sofa imeshika, inama chini ya moshi, toka, funga mlango nyuma yako. Laptopu iache huko.